Ustadhi mpya, watoto 36 na kelele za Jumamosi asubuhi

*Assalamu alaykum Bi Mwalimu,*

*Mimi ni mudira wa madrasa ya mtaa hapa Pumwani. Walimu wetu wawili wa zamani wamehama, na badala yao tumepata vijana sita wa kujitolea. Wanne wamemaliza kidato cha nne juzi juzi, wawili wako chuo kikuu. Tajwidi yao ni safi, lakini hakuna aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Darasa la kwanza lina watoto 36 wa miaka 5 hadi 9, kila Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, na nimeliwekea vijana wawili. Mmoja anasomesha, mwenzake anazunguka kunyamazisha. Kelele zinafika barabarani. Mmoja ameanza kuja na fimbo. Mwingine aliulizwa na binti wa miaka 6 kuhusu bibi yake aliyefariki, akamweleza adhabu ya kaburi. Mama mtu ananiambia mtoto halali usiku na hataki kurudi. Niliwafanyia semina ya siku nzima juu ya adabu za mwalimu, wakaandika kurasa kwa kurasa, Jumamosi iliyofuata mambo yakawa yale yale. Nianzie wapi?*

*Mudira, Pumwani*

Wa alaykumu ssalam, mwalimu mwenzangu.

Anzia kwenye hesabu, kabla hujamlaumu kijana yeyote. Bila shaka darasa lako linakwenda kwa ule mtindo tuliosomeshwa sote: mtoto mmoja mmoja anakuja na juzuu yake mbele ya ustadhi, anasoma, anasahihishwa, anarudi kukaa. Tuseme kila mtoto anachukua dakika 3. Watoto 36 ni dakika 108, na kipindi chako chote ni dakika 120. Maana yake mtoto wa miaka 5 anafanya kazi kwa dakika 3, kisha anakaa kwenye mkeka zaidi ya saa moja na nusu akiambiwa anyamaze. Hata mimi ningemfinya jirani yangu.

Mtindo wenyewe hauna kasoro. Kusoma mbele ya mwalimu uso kwa uso ndiyo njia ambayo Qur'ani imepokewa kwayo, na makhraji ya herufi huwezi kuyasahihisha kwa mbali. Ila wazee wetu walisomesha watoto wachache, tena wakubwa walikaa na wadogo na kila mmoja alikuwa na ubao wake wa kushughulika nao. Sisi tumebakiza foleni, ubao tukautupa. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuwafundisha vijana wako ni namna ya kumpa mtoto kazi wakati si zamu yake. Kunyamazisha watoto kutakuja baadaye, na utaona kazi hiyo imepungua yenyewe.

Nikupe mpango wa saa mbili hizo, maana bila mpango wa dakika tutabaki kwenye nasaha. Dakika 10 za mwanzo ni za kuingia. Kijana mmoja anasimama mlangoni, mwenzake yuko ndani. Wa mlangoni anamsalimu kila mtoto kwa jina na kumwambia akakae wapi na afanye nini: "Karibu Zuhura, mkeka wa kijani, someni Al-Fatiha na mwenzako." Asiseme tu "ingia ukae". Anayeingia bila kazi huitafuta mwenyewe, na wa pili akimkuta anakimbia, atamfuata. Baada ya hapo dakika 10 za talqini, darasa zima pamoja: mwalimu anatamka kipande cha aya, maneno matatu au manne, watoto wanakirudia kwa sauti moja. Hizi ni kelele nzuri, na zinamaliza zile walizokuja nazo kutoka nje.

Kisha unawagawa mafungu matatu ya watoto 12, kila fungu na mkeka wake wa rangi tofauti. Fungu la kwanza linasoma kwa ustadhi. La pili linaandika herufi. La tatu linafanya muraja'a wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anafuatisha kwa kidole kwenye juzuu. Kila baada ya dakika 25 wanabadilishana, na mara tatu hizo zinakupa dakika 75. Kijana wa pili anakaa katikati ya mikeka ya waandishi na wa muraja'a. Badala ya kuzunguka kunyamazisha, anazunguka kusahihisha. Zinabaki dakika 10 za maji, choo na mandazi kwa aliyetoka nyumbani bila chai, na dakika 15 za mwisho za kisa au fiqhi.

Utaona kwamba mbele ya ustadhi sasa kila mtoto anapata dakika 2 na kitu, wala si 3. Hiyo ni hasara ya kweli na nisikufiche. Wenye sabaki ndefu itabidi wapunguziwe aya. Lakini upande wa pili mtoto amepata dakika 25 za kuandika na 25 za kurudia, ambazo jana hakuwa nazo kabisa.

Kazi ya herufi isiwe ya kunakili mstari mzima hadi mkono uchoke. Chukua ba, ta na tha. Umbo ni lile lile, tofauti ni nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Mpe mtoto kadi sita zenye umbo tupu lisilo na nukta, pamoja na maharage makavu. Kijana anatamka herufi, mtoto anapanga nukta. Aliyekosea anaonekana papo hapo bila kuulizwa, na mkono una shughuli. Maharage yahesabiwe kabla na baada, na kama hayupo wa kuwasimamia, wafanye kazi hiyo kwa kalamu, kwa sababu wa miaka 5 atatia moja puani.

Mpango huu utavunjikia mahali pamoja: kwenye kubadilishana mikeka. Watoto 36 wakisimama kwa pamoja, umepoteza dakika 10 na pengine jino la mtu. Hapo ndipo mafunzo yenyewe yanapoanza, mwalimu mwenzangu, na hayafanyiki kwa daftari. Wakusanye vijana sita Ijumaa jioni, tandika mikeka ile ile, wageuze watano wawe watoto, mmoja awe ustadhi. Awahamishe. Mara ya kwanza atasema, "Haya jamani tubadilishane, haraka haraka, na msipige kelele." Wenzake watafanya fujo kwa furaha yote. Msimamishe. Mwambie asimame mahali pamoja bila kutembeatembea, angoje macho yamwangalie, kisha aseme jambo moja la kufanya: "Mkeka wa kijani, fungeni juzuu." Anyamaze hadi zifungwe. "Mkeka wa kijani, simameni." Anyamaze tena. "Nendeni kwa Ustadhi." Mkeka mwingine hausogei hadi huo ukae. Arudie palepale, mbele ya wenzake wale wale, hadi atoe maagizo matatu bila neno la ziada.

Mtindo huu wa somo fupi la kujaribia, kuelekezwa na kulirudia hapo hapo ulianza kutumika kufundishia walimu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, na vyuo vya ualimu vingi duniani vikauiga. Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano wa karibu zaidi: chekechea za madrasa zilizoanzishwa Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ambazo mlezi wao wa mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said. Wasichana wa mitaa ile ile walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa kufuatwa darasani na kuonyeshwa. Semina yako ya siku nzima haikuwa na ubaya, ila iliwaambia vijana mwalimu awe na subira, na hakuna aliyewaonyesha subira inavyosikika saa nne asubuhi mbele ya watoto 36.

Kuhusu kuagiza, tunao ushahidi wetu wenyewe ambao kila kijana wako ameuhifadhi, ingawa huenda hajawahi kuutazama kwa jicho la mwalimu. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka kwenye sahani. Akaambiwa: ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Wameipokea Bukhari na Muslim. Waulize vijana wanaona nini hapo. Mtoto ameitwa kwa upole. Maagizo ni matatu, yote mafupi, na kila moja linamwambia la kufanya. Hakuna "acha", hakuna "wewe ni mlafi", hakuna hotuba ya adabu za mezani. Na limesemwa sahani ikiwa mbele yake. Mpe kila kijana kazi ya kugeuza "msikimbie", "acha kelele", "usiguse" ziwe kwa namna hiyo, kwa sauti, si kwa kuandika. Utashangaa watakavyokwama kwenye "acha kelele", kwa sababu hawajajua wanataka mtoto afanye nini badala yake.

Fimbo irudi nyumbani leo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Kijana akikuletea hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga wakiwa na kumi, mkubalie kwamba ipo, kisha mwulize inahusu nini. Inahusu sala, na miaka mitatu ya kuamrishwa kwa maneno imetangulia. Haimpi ruhusa kijana wa miaka 19 kumchapa mtoto wa watu wa miaka 6 kwa sababu amecheka. Hapa usibishane sana. Ni kanuni ya madrasa, asiyeiweza asikabidhiwe darasa. Hali kadhalika na ile ya mtu mzima kutobaki peke yake na mtoto mlango ukiwa umefungwa.

Sasa lile la binti na bibi yake, ambalo kwangu ni zito kuliko kelele.

Mafungu yale ya mikeka uyapange kwa kiwango cha kusoma. Mtoto wa miaka 9 aliyeanza mwezi jana atakaa na wa miaka 5 kwenye herufi, na haina neno. Lakini dakika 15 za mwisho, za kisa na maelezo, uwagawe upya kwa umri: wa miaka 5 na 6 upande mmoja na kijana mmoja, 7 hadi 9 upande mwingine na mwenzake. Madrasa nyingi zinakosa hapa. Zinadhani aliye juzuu ya pili anaweza kuelezwa lolote, kumbe ulimi wake umetangulia akili yake kwa miaka.

Mtoto wa miaka 5 au 6 huchukua maneno kama yalivyo. Wengi wa umri huo bado hawajashika kwamba aliyekufa harudi, na kwamba mwili wake hauhisi tena baridi, njaa wala giza. Kwa kawaida hayo hutulia kichwani kati ya miaka 5 na 7, kwa wengine baadaye. Basi ukimweleza habari za kaburi, yeye anamwona bibi yake yule yule wa leso na miwani, yuko macho, gizani, anaumia, na hakuna anayekwenda kumtoa. Kutolala ni jambo la kutarajiwa. Na usidhani dawa ni kumpamba maneno. Ukimwambia "bibi amelala tu", umempa sababu nyingine ya kuogopa kitanda, na ukisema "amesafiri", atamngoja.

Wafundishe vijana kufuata mwendo mmoja kila swali zito linapokuja. Kwanza mwulize mtoto yeye anafikiri nini, au amesikia nini, maana mara nyingi swali lililo nyuma si lile lililotoka mdomoni. Kisha jibu hilo tu, kwa sentensi mbili au tatu za kweli. Halafu mpe kitu cha kufanya, na mwachie mlango wa kuuliza tena. Ikisemwa kwa sauti inakuwa hivi:

"Mwalimu, bibi yangu yuko kwa shimo?"
"Wewe umesikia nini?"
"Kaka amesema kuko giza na anaskia baridi."
"Bibi amekufa, na mtu akifa mwili wake hausikii tena baridi wala njaa. Hawezi kurudi nyumbani, na ni sawa ukimkumbuka ukalia. Mwenyezi Mungu anampenda kuliko sisi, ni Mwingi wa Rehema. Unataka tumwombee sasa?"

Basi. Hapo hakuna uongo na hakuna itikadi iliyokanushwa. Kijana mwenye bidii atakuuliza kama si kuficha dini. Mjibu kwa kauli ya Sayyidna Ali iliyomo katika Bukhari, kwamba watu wazungumzishwe kwa kadiri wanavyofahamu. Habari za barzakh zina mahali pake kwenye mtaala, na mahali pake si kwa mtoto aliyefiwa wiki iliyopita. Kwa wa miaka 8 au 9 unaweza kuongeza hesabu ya mema na mabaya, kwa sababu wao tayari wanauliza habari za haki: mbona mtu mbaya anaishi vizuri? Wa miaka 12 atataka dalili, na atakubana.

Kuna jambo moja ambalo vijana wengi wanalijua kwenye fiqhi na kulisahau darasani. Kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto hadi abalehe. Kwa hiyo anayemwambia mtoto wa miaka 6 "ukicheza wakati wa dua utachomwa moto" amemtisha, na juu ya hayo amekosea hukumu. Napendekeza liandikwe ukutani chumba cha walimu.

Mazoezi yake ni rahisi. Kila Jumamosi kila kijana aandike swali moja aliloulizwa kweli, alitie kwenye kopo. Ijumaa mnachomoa matatu. Mmoja anajibu, mwingine anakuwa mtoto wa miaka 6 anayerudia "kwa nini?" mara tatu. "Mungu ananiona hata bafuni?" itatoka, nakuhakikishia, na atakayecheka ndiye atakayepewa kuijibu. Waruhusu pia kusema, "Swali zuri, sina jibu, nitamuuliza mudira nikwambie Jumamosi," mradi Jumamosi ifike na jibu lifike. Wa kujitolea wengi hubuni jibu kwa kuogopa kuonekana hawajui, na pengine hata lile la kaburi lilianzia hapo.

Ufuatilie vipi? Kaa nyuma ya darasa, ukiwa umejificha kidogo kama unaweza. Usimtazame kijana. Tazama mkeka ulio mbali naye kuliko yote. Saa tatu na nusu kamili hesabu watoto wasio na kazi mikononi au mdomoni, saa nne hesabu tena, saa nne na nusu tena. Wiki ya kwanza usishangae ukikuta nusu ya darasa. Idadi ikishuka wakati kelele bado zipo, tulia, ni kelele za kusoma. Kukiwa kimya kabisa na idadi haishuki, chunguza, huenda fimbo imerudi mfukoni. Baada ya somo mwambie kijana jambo moja tu la kurekebisha, lile lile hadi alishike. Ukimpa saba atakumbuka kwamba ulikasirika.

Na mama wa yule binti usimngoje aje. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, wewe mwenyewe, bila kumburuta yule kijana akaombe radhi mbele ya mtoto, kwa sababu mtoto ataona tu yule mtu wa kaburi amemfuata nyumbani. Mwombe mama aseme naye yale maneno mafupi wakati wa mchana, si kitandani. Akikubali kurudi, mama akae naye mkekani dakika zile 10 za mwanzo, na mlangoni awepo kijana mwingine. Usiku wa kutolala ukiendelea kwa wiki kadhaa, au akianza kukojoa kitandani na kukataa kula, mwambie mama amfikishe kituo cha afya, asiishie kwenye kombe peke yake.